Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandika upya tangazo la punguzo ambalo wateja hawalielewi

Maswali haya huulizwa na wenye maduka, na vijana wanaowaendeshea kurasa zao, kila msimu wa ofa unapokaribia. Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho: tangazo la duka la vitanda na magodoro la Keko, Dar es Salaam, nililoletewa nilirekebishe wakati wa Sabasaba ya 2025. Jina la duka nimelihifadhi. Tangazo lenyewe lilikuwa hivi:

> OFA KABAMBE YA SABASABA!!! Punguzo hadi 40% kwa vitanda na magodoro yote! Nunua kitanda upate godoro BURE! Usafiri bure! Mwisho Ijumaa saa 6 usiku. Wahi sasa! Vigezo na masharti kuzingatiwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Nitajuaje kama tangazo langu linachanganya watu, au ni wateja tu hawasomi?

Fungua simu ya duka usome meseji za siku mbili za kwanza. Mteja akiuliza "mko wapi?" wakati mahali pameandikwa, huyo hakusoma. Lakini watu watano wakiuliza jambo lilelile, kosa ni lako. Kwa duka la Keko maswali yalikuwa manne na yalijirudia bila kuchoka: kitanda hiki kinakuwa shilingi ngapi, godoro la bure ni lipi, mwisho ni lini hasa, na mnaleta mpaka wapi. Ukiyaandika kwenye karatasi, tayari unayo orodha ya sentensi zinazokosekana kwenye tangazo.

Dalili nyingine iko kaunta. Mama mmoja alifika kutoka Mbagala na shilingi 510,000 mkononi, kwa sababu kitanda cha 850,000 ukikitoa asilimia 40 kinabaki hapo. Akamwambia kijana wa mauzo, "Mwanangu, nimekuja na hela kamili, nipakilie." Kijana akamjibu, "Shikamoo mama. Ile arobaini ni ya kile kitanda cha maonyesho pale pembeni. Hiki ni asilimia 15." Mama alipiga hesabu ya nauli aliyotumia, akaondoka bila kununua hata mto. Huyo alisoma tangazo vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomponza.

2. Nianze kurekebisha wapi? Maneno, rangi au mpangilio?

Hapo pote bado. Anza na mwenye duka. Matangazo mengi ya namna hii hayachanganyi kwa sababu ya Kiswahili kibovu, yanachanganya kwa sababu ofa yenyewe haijaamuliwa. Nilimkalisha mwenye duka la Keko na yale maswali manne. Mawili hakuwa na jibu. Godoro la bure ni la inchi ngapi? "Tutaangalia na mteja." Usafiri ni mpaka wapi? "Inategemea." Neno "inategemea" likitoka mdomoni mwa bosi, hakuna mwandishi atakayelificha.

Kisha muulize keshia maswali hayohayo, bosi akiwa hayupo. Keshia ndiye anayetoa bei, na majibu yao yakitofautiana mteja atapewa bei mbili ndani ya duka moja. Pale Keko bosi alisema punguzo la magodoro ni asilimia 10, keshia akasema ameambiwa 15. Tulitumia asubuhi nzima kulimaliza hilo kabla ya kuandika neno hata moja.

3. Si inatosha kuandika "vigezo na masharti kuzingatiwa"?

Mteja akilisoma anaelewa kitu kimoja tu, kwamba kuna jambo anafichwa. Ukimuuliza mwenye duka masharti yako wapi, mara nyingi hayapo popote, yako kichwani mwake. Kama masharti yapo, yaandike. Kama ni marefu, andika yale yanayobadilisha bei au yanayomfanya mtu akose ofa, mengine yabandike ukutani dukani na useme yako hapo. Kama hayapo, futa sentensi hiyo.

Kipimo changu ni nauli. Sharti lolote ambalo mteja angelijua asingepanda daladala kuja kwako, lazima liwe ndani ya tangazo.

## Punguzo ni kiasi gani

4. "Hadi 40%" ni kweli, bidhaa moja imepungua kwa 40. Ubaya uko wapi?

Ubaya ni kwamba msomaji halioni neno "hadi", anaiona 40. Na bidhaa yenyewe pale Keko ilikuwa kitanda kimoja cha maonyesho chenye mkwaruzo ubavuni. Vitanda vingine vya ofa vilipungua kwa asilimia 15, magodoro kwa 10.

Kuna tatizo jingine dogo la lugha. Tangazo moja likiwa na "hadi 40%" juu na "hadi Ijumaa" chini, neno moja linabeba kazi mbili: la kwanza linamaanisha "haizidi, na huenda ikapungua sana", la pili linamaanisha "mpaka siku hiyo". Mimi neno "hadi" silitumii kabisa kwenye punguzo. Kitu cha 40% kikiwa kimoja, kinastahili tangazo lake chenyewe, na picha ya mkwaruzo ikionekana. Kitauzika haraka, na hakitawadanganya wanaotafuta vingine.

5. Niandike asilimia au shilingi?

Shilingi. Andika bei ya zamani na bei ya sasa, asilimia ikae pembeni kama unaipenda. Mteja hapigi hesabu ya asilimia 15 ya 850,000 akiwa kwenye mwendokasi, na wengine "punguzo la 40%" hulielewa kuwa watalipa hiyo 40. Ukiandika "kilikuwa 850,000, sasa 722,500" hakuna wa kukuuliza tena.

Asilimia zina mtego mwingine zikipandana. Punguzo la 15% na juu yake 10% si 25%. Kitanda cha 850,000 kinashuka hadi 722,500, kisha 10% inatolewa kwenye hiyo 722,500, unabaki na 650,250. Aliyehesabu 25% moja kwa moja anategemea kulipa 637,500. Tofauti ni 12,750, na ugomvi wake ni mkubwa kuliko kiasi chenyewe.

6. Tuna ofa mbili kwa wakati mmoja. Mteja anapata zote?

Hilo ni la kuamua, na jibu liandikwe. Tangazo la Keko lilisema kitanda kimepungua, na pia ukinunua kitanda unapata godoro bure. Kila mteja alisoma kwamba anapata vyote, na ndivyo sentensi zilivyosema. Tulipopiga hesabu pamoja: kitanda cha 850,000 na godoro la inchi 6 la 240,000 ni mali ya 1,090,000, na mteja angelipa 722,500. Duka lingeacha 367,500, karibu theluthi ya bei. Mwenye duka alishtuka. Alikusudia mteja achague: ama kitanda kwa bei ya punguzo, ama kitanda kwa bei ya kawaida na godoro juu yake.

Ukitaka mteja achague, andika "chagua moja", kisha a na b zikiwa na bei zake. Sisi tuliona chaguo linaongeza maswali kuliko mauzo, tukaifuta ofa ya godoro la bure. Kuandika upya kuliishia kuipunguza ofa yenyewe, jambo linalotokea mara nyingi na wala si hasara.

## Nini kimo na nini hakimo

7. Tumeandika "vitanda na magodoro yote". Kwa nini mteja anabisha?

Kwa sababu ya "yote". Kisarufi linashikana na "magodoro", kwa hiyo mmoja anasoma: magodoro yote, na vitanda baadhi. Mwingine anasoma vyote pamoja. Wote wana haki. Na duka lilikuwa na nia ya tatu: vitanda vya mninga tu, magodoro ya inchi 8 tu.

Taja kitu kwa jina ambalo mteja atalitumia akifika: mti, futi, inchi. "Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6" kinaeleweka na mnunuzi, keshia na kijana wa stoo. Orodha ikizidi vitu sita au saba, taja vitatu vinavyoulizwa zaidi, kisha sema vingine vimewekwa kibandiko cha rangi fulani dukani. Kibandiko nacho kiwe kimebandikwa kweli kabla duka halijafunguliwa.

8. Picha ina tatizo gani? Kitanda ni hichohicho tunachouza.

Picha ya Keko ilionyesha kitanda kimetandikwa: godoro nene, mashuka meupe, mito minne, taa pembeni na kabati dogo. Bei ilikuwa ya kitanda na chaga zake. Mtu anayeona bei moja juu ya picha moja anaamini ananunua picha nzima, na hakosei.

Piga picha ya kile kinachopakiwa kwenye kirikuu. Kama bosi anapenda picha iliyopambwa, weka mstari chini yake: "Bei ni ya kitanda na chaga. Godoro, mashuka na mito havimo." Ukae chini ya picha, siyo kwenye maelezo, kwa sababu picha hutumwa kwenye magrupu peke yake na maelezo hubaki nyuma.

9. "Usafiri bure" inahitaji maelezo gani zaidi?

Maelezo matatu: mpaka wapi, kwa ununuzi gani, na mzigo unaishia mlangoni au unapandishwa ghorofani. "Dar" peke yake haitoshi. Anayekaa Kibaha anajiona yuko Dar kwa sababu anafanya kazi Posta, ingawa Kibaha ni mkoa wa Pwani. Andika "ndani ya mkoa wa Dar es Salaam", na kama Kigamboni au Chanika kuna nyongeza, sema. La ghorofa ndilo watu husahau. Dereva akifika na kitanda cha mninga chini ya jengo la ghorofa nne, wabebaji watataka hela yao, na mteja atasema aliahidiwa bure.

10. Tumeandika "kwa malipo ya taslimu tu". Lipa namba inaingia?

Wengine husema taslimu wakimaanisha noti mkononi, wengine wakimaanisha kulipa yote bila mkopo wala mafungu. Mwenye duka alikuwa na maana ya pili, keshia akawa anawakatalia waliotaka kulipa kwa simu. Acha neno hilo, taja njia: "Unalipa yote kwa mkupuo: keshi, lipa namba au benki." Na kama makato ya kutuma ni juu ya mteja, hilo nalo ni sehemu ya bei.

## Tarehe na saa

11. "Mwisho Ijumaa saa 6 usiku" si iko wazi?

Hii ndiyo sentensi iliyoleta kelele kubwa, na mimi mwenyewe niliwahi kuiandika hivyo. Saa sita usiku ni mpaka wa siku mbili. Mmoja anahesabu usiku wa Alhamisi unaoingia Ijumaa, mwingine usiku wa Ijumaa unaoingia Jumamosi. Kwa watu wa Pwani waliolelewa kuhesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Hajakosea, ndiyo hesabu yake. Ongeza simu inayoandika saa hiyohiyo kama 12:00, na kijana atakayesoma hiyo kumi na mbili kama jioni.

Redio husema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na hiyo inasaidia. Lakini kwa duka dawa ni rahisi zaidi: usitumie saa sita usiku. Duka la Keko linafunga saa 12 jioni, hakuna aliyekuwa atauza kitanda usiku wa manane. Andika "Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 11 Julai 2025. Tunafunga saa 12 jioni." Maneno "siku ya mwisho ni" yanamaliza pia ubishi wa kama tarehe yenyewe imo au haimo, ubishi unaozaliwa na "mpaka tarehe 11".

Na mwaka usiuache. Matangazo ya WhatsApp hayafi, yanafufuka Sabasaba inayofuata.

12. Si watu wote wanajua Sabasaba ni lini? Na Idd je?

Sabasaba ni tarehe 7 Julai, lakini pia ni jina la maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, ambayo kwa kawaida huanza 28 Juni na kuendelea hadi 13 Julai. "Ofa ya Sabasaba" ni ya siku moja au ya wiki mbili? Na ni kwenye banda uwanjani au dukani? Keko hapako mbali na uwanja, kwa hiyo wapo waliolipa kiingilio wakazunguka wakilitafuta banda ambalo halikuwepo.

Idd ni ngumu zaidi kwa sababu inangoja mwezi uandame. "Ofa inaisha siku ya Idd" ni tarehe ambayo hata wewe huijui. Jina la sikukuu liache kwenye kichwa cha habari kama pambo, mwanzo na mwisho vipewe tarehe za kalenda.

13. Mteja ametuma meseji Ijumaa, hela akatuma Jumamosi. Anapata bei ya ofa?

Amua mapema kinachohesabika: meseji, malipo au kufika dukani. Ushauri wangu ni malipo, kwa kuwa muamala una saa na tarehe yake. Aliyetoa advansi ndani ya siku za ofa ni swali gumu. Pale Keko tulikubaliana kwamba bei ya ofa ni kwa anayemaliza kulipa kabla ya duka kufungwa siku ya mwisho, na keshia akaagizwa kumwambia mtu kabla hajapokea advansi yake, siyo baada.

## Tangazo jipya

14. Baada ya hayo yote, tangazo lilitokaje?

Hivi:

> VITANDA NA MAGODORO: BEI ZA SABASABA
> Dukani kwetu Keko. Uwanjani hatuna banda.
>
> Kuanza: Jumamosi tarehe 28 Juni 2025.
> Siku ya mwisho: Ijumaa tarehe 11 Julai 2025. Tunafunga saa 12 jioni.
>
> Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6: kilikuwa 850,000, sasa 722,500. Ni kitanda na chaga zake, godoro halimo.
> Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8: lilikuwa 320,000, sasa 288,000.
>
> Ukichukua vyote viwili ni 1,010,500, na tunakuletea bure mpaka mlango wa chini, popote ndani ya mkoa wa Dar es Salaam. Ukichukua kimoja, usafiri ni juu yako.
>
> Unalipa yote kwa mkupuo: keshi, lipa namba au benki. VAT imo ndani ya bei. Kwa mafungu ni bei ya kawaida.
> Vitanda vya bei hii viko 12. Vikiisha tutatangaza hapahapa.

15. Si limekuwa refu? Watu hawasomi.

Limekuwa refu. Watu hawasomi makelele, lakini anayetaka kutoa laki saba anasoma. Kwa bango la barabarani chukua kichwa, bidhaa moja na bei yake, siku ya mwisho na namba ya simu, basi. Usichukue "usafiri bure" peke yake ukaacha "vyote viwili", maana hapo unarudi kulekule kwa swali la 9.

16. Nitalijaribuje kabla ya kulitoa?

Mpe mtu asiyefanya kazi dukani, alisome mara moja, kisha ulifiche. Muulize: nikitaka kitanda tu nalipa ngapi, napakiwa nini, siku ya mwisho lini, mzigo unafikaje? Mimi hutumia fundi cherehani wa jirani, mtu asiye na subira. Rasimu ya kwanza ilisema "tunakuletea mpaka mlangoni", naye akauliza, "Mlango upi, mimi nakaa ghorofa ya tatu?" Ndipo "mlango wa chini" ulipoingia.

## Yasiyo ya kawaida

17. Tangazo lenye kosa limeshasambaa. Nilifute tu?

Ukilifuta linabaki kwenye simu za watu, na mtu atakuja na skrinishoti. Toa jipya likianza na neno MAREKEBISHO, taja kilichokosewa kwa sentensi moja, na uliweke palepale pa zamani. Kisha amua utawafanyia nini waliofika na lile la kwanza. Kama ni kosa la elfu kumi, wape bei waliyoiona. Kama ni kubwa, kama ile 40%, waambie ukweli na uwarudishie nauli au uwape usafiri. Keshia wote wapewe jibu moja.

18. Mauzo yako chini, tunaweza kuongeza siku?

Mnaweza, lakini aliyekopa ili awahi Ijumaa atawaona Jumatatu mkiuza bei ileile. Safari nyingine mkiandika "siku ya mwisho" atacheka. Mkiongeza, ongezeni mara moja na tarehe mpya, msiandike "tumeongeza muda" bila mwisho.

19. Vitanda 12 vimekwisha siku ya tatu. Tangazo linaendelea?

Hapana. Badilisha siku hiyohiyo, kwenye stetasi na kwenye bango la mlangoni. Godoro likibaki, toa tangazo la godoro peke yake.

20. Sheria inasemaje?

Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kenya kuna Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kuandika "vigezo na masharti" kwa herufi za mchwa hakuigeuzi ahadi ya herufi kubwa kuwa kitu kingine.

21. Tukipandisha bei wiki moja kabla, kisha tukaishusha?

Hiyo si kazi ya kuandika upya, ni uongo, na wateja wa Keko wana kumbukumbu: bei ya kitanda huiulizia miezi mitatu kabla ya kununua. "Kilikuwa 850,000" iwe bei ambayo mtu aliwahi kulipa, na risiti yake ipo.